Kuklia loni mapema bila kulipia riba ya miezi ambayo haijafika: mwongozo kamili

Naandika hii juu kila wiki kuna mtu ananitumia picha ya stetimenti akiuliza mbona amelipa loni yote kabla ya wakati na hajaokoa hata shilingi. Jibu karibu kila mara ni lilelile: alipeleka pesa kwanza halafu ndo akauliza maswali. Ukishalipa huna tena kitu cha kubishania, kwa hivyo fuata hatua kwa mpangilio na pesa ikae kwako mpaka hatua ya 7.

Nitatumia loni ya shemeji yangu, aliweka logbuku ya Probox yake hapa Nairobi akakopa 300,000. Mkopeshaji sitamtaja. Loni za namna hii ndo zinaumiza watu zaidi, manake riba yake imehesabiwa yote siku ya kwanza.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Mkataba uliosaini, kurasa zote, hata zile za maandishi madogo za nyuma. Kama hukupewa kopi, omba leo.
- Ratiba ya marejesho, yaani lile jedwali la kila mwezi.
- Stetimenti ya loni kutoka mwanzo mpaka leo.
- Simu yenye kikokotoo. Ukiwa na Google Sheets au Excel ni bora zaidi.
- Barua pepe. Haya mambo ukiyafanyia kwenye simu ya kupiga hautakuwa na ushahidi wowote.

## Hatua ya 1: Jua riba yako ni ya aina gani

Kuna aina tatu unazoweza kukutana nazo, na ukikosea hapa hesabu zingine zote zitakuwa bure.

Salio linalopungua. Loni nyingi za sacco na za benki ziko hivi, mfano 1% kwa mwezi ya deni lililobaki. Hapa riba ya mwezi ujao bado haijawekwa popote, kwa hivyo ukilipa leo unalipa deni halisi na riba ya siku zilizopita basi. Hakuna punguzo la kuomba juu hakuna riba ya mbele uliyotozwa. Swali lako ni moja tu: kuna ada ya kulipa mapema?

Riba ya flati. Wanachukua deni lote la mwanzo, wanazidisha na asilimia na miezi yote, wanajumlisha, wanagawa. Loni ya shemeji ilikuwa 1.5% flati kwa miezi 24. Hiyo ni 4,500 kwa mwezi mara 24, yaani riba 108,000. Jumla 408,000, rejesho 17,000 kila mwezi. Hapa riba ya miezi ya mbele tayari imo ndani ya salio, na hiyo ndo tunaiita riba ambayo haijaiva. Hii ndo ya kupigania.

Ada ya mara moja. Loni ndogo za simu nyingi zinakata ada moja kwa mwezi mzima. Ukilipa siku ya 3 au ya 30 ni ileile. Usipoteze muda hapo, lipa tu ujenge limiti.

Utajuaje yako? Angalia safu ya riba kwenye ratiba. Kama inashuka kila mwezi, ni salio linalopungua. Kama ni namba ileile mwezi wa kwanza hadi wa mwisho, ni flati. Na kama jedwali halina safu ya riba kabisa, chukua rejesho uzidishe na miezi iliyobaki: ikitoka sawasawa na salio wanalokuonyesha kwenye apu, basi riba ya mbele imo ndani.

Ya shemeji alikuwa amelipa miezi 10. Apu ilisema anadaiwa 238,000. Imebaki miezi 14, na 14 mara 17,000 ni 238,000 kamili. Yeye alikuwa anaona hiyo ndo deni lake, na alikuwa tayari ameuza kiploti ushago ailipe.

## Hatua ya 2: Tafuta kifungu kwenye mkataba

Mikataba mingi imeandikwa kwa Kiingereza kigumu, usiisome yote. Kama ni PDF, fungua sehemu ya kutafuta uandike haya maneno, moja moja:

```
prepay
early
settle
rebate
unearned
sum of digits
78
```

Unatafuta mambo mawili tofauti na watu huyachanganya sana. La kwanza ni punguzo: je, wanakuondolea riba ambayo haijaiva, na kwa kanuni gani? La pili ni ada: je, wanakutoza kwa sababu umelipa mapema, asilimia ngapi, na asilimia ya nini? 3% ya deni la mwanzo si sawa na 3% ya deni lililobaki, na hiyo tofauti inaweza kuwa maelfu.

Mkataba unaweza kukupa punguzo na kukutoza ada hapohapo. Unaweza kukunyima punguzo na useme kwa fahari kwamba hauna ada ya kulipa mapema, hiyo ni danganya toto, juu ukilipa riba ya miezi 14 ambayo haijafika umeshatozwa ada kubwa kuliko zote.

Kuhusu ada kuna kitu cha kujua: Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, kwenye sehemu ya mikataba ya mikopo, inampa mkopaji haki ya kulipa salio lote wakati wowote bila kutozwa ada wala faini ya kulipa mapema. Bado utakuta mikataba yenye hiyo ada. Sisemi ukimbie kortini, nasema itaje kwenye barua pepe yako, kwa adabu, uone watasema nini. Kuna mahali huondolewa ukiitaja tu.

Tahadhari: usikubali maneno ya afisa wa mikopo ya "sisi huwa tunapunguza". Afisa anaweza kuhamishwa kesho. Kama haliko kwenye karatasi wala kwenye barua pepe, halipo.

Umefaulu kama: unaweza kuandika sentensi mbili, moja ya punguzo na moja ya ada, na namba ya kifungu kando ya kila moja. Mkataba ukinyamaza kabisa kuhusu punguzo, andika hivyo pia.

## Hatua ya 3: Piga hesabu yako mwenyewe

Hapa nitakaa kidogo juu ndipo pesa iko.

Watu wengi hufanya hivi: riba ni 4,500 kwa mwezi, miezi 14 imebaki, basi nipunguziwe 63,000 nilipe 175,000. Inaonekana haki, lakini mkopeshaji atakataa, na kusema kweli ana pointi. Miezi ya kwanza ulikuwa umeshika pesa yake nyingi, karibu laki tatu nzima, miezi ya mwisho utakuwa umeshika kidogo tu. Kwa hivyo riba nyingi inaiva mwanzoni. Ukienda na 63,000 watakuona hujui hesabu na hawatakusikiliza tena hata kwenye ile ambayo ni haki yako.

Kuna njia mbili za kweli.

Njia ya kwanza, kanuni ya 78. Ni ya zamani na inafanyika hata kwa kikokotoo cha simu. Unaupa kila mwezi uzito: mwezi wa kwanza wa loni ya miezi 24 unapata 24, wa pili 23, hadi wa mwisho unapata 1. Ukijumlisha zote unapata 300. Mwezi wa kwanza basi umekula 24 kwa 300 ya riba yote, ambayo ni 8,640. Mwezi wa mwisho unakula 360 tu. Unaona vile imelalia mwanzo.

Huna haja ya kujumlisha moja moja. Fomula ni hii, k ikiwa miezi iliyobaki na n miezi yote:

```
punguzo = riba yote × k(k+1) / n(n+1)
        = 108,000 × (14×15) / (24×25)
        = 108,000 × 210 / 600
        = 37,800
```

238,000 toa 37,800 inabaki 200,200. Hiyo ndo ya kuklia kwa kanuni ya 78.

Njia ya pili, riba halisi. Hii ndo sahihi zaidi. Inauliza: hii loni ingekuwa ya salio linalopungua tangu mwanzo, na rejesho ni hilihili la 17,000, leo ningekuwa nadaiwa ngapi? Fungua Google Sheets uandike:

```
=RATE(24,-17000,300000)
=PV(RATE(24,-17000,300000),14,-17000)
```

Mstari wa kwanza unaleta kama 2.62% kwa mwezi. Ndiyo, ile loni ya "1.5 tu" kumbe ni 2.62 ukiipima kwa deni lililobaki, shemeji alinyamaza dakika nzima hapo. Mstari wa pili unaleta kama 197,080. Hilo ndo deni lake halisi baada ya miezi 10.

Tofauti ya njia hizi mbili ni kama 3,100, na kanuni ya 78 ndo inamfaidi mkopeshaji. Ushauri wangu: kama mkataba umetaja 78, usipoteze nguvu. Kama mkataba haujataja njia yoyote, anza na 197,080 na ukubali kupanda mpaka 200,200. Loni ikiwa ya miaka minne mitano, hiyo tofauti inakuwa kubwa, hapo usiachilie kirahisi.

Tahadhari: angalia stetimenti kama kuna faini za kuchelewa ambazo hazijalipwa. Hizo ziko nje ya hii hesabu na wataziongeza juu.

Umefaulu kama: una namba tatu kwenye karatasi. Ya shemeji zilikuwa 238,000 (bila punguzo), 200,200 (kwa 78) na 197,080 (halisi). Wakikuletea namba yoyote katikati utajua imetoka wapi.

## Hatua ya 4: Omba namba ya kuklia kwa maandishi

Salio la kwenye apu si namba ya kuklia. Rudia hiyo mara mbili. Andika barua pepe, fupi tu, mfano hivi:

"Habari. Nataka kumaliza loni namba fulani tarehe 5 mwezi ujao. Naomba mnitumie namba ya kuklia ya siku hiyo, ikionyesha deni la msingi lililobaki, riba iliyoiva, riba ambayo haijaiva na punguzo lake, ada ya kulipa mapema kama ipo na kifungu chake, faini kama zipo, na bima ambayo haijatumika. Pia mnijulishe namba hiyo inaisha lini."

Chagua tarehe ya rejesho lenyewe. Ukilipa katikati ya mwezi wengi huhesabu mwezi mzima kama umeiva, kwa hivyo siku tano za kuchelewa zinakula riba ya mwezi.

Hiyo ya bima watu huisahau kabisa. Kama ulilipa bima ya loni ya miezi yote siku ya kwanza, kuna miezi ambayo hautaitumia, uliza kama inarudi. Ada ya kuandikisha loni yenyewe usiingoje, kazi yake ilishafanyika.

Shemeji alijibiwa siku ya tatu, na jibu likawa mstari mmoja: lipa 238,000. Usishangae wakikufanyia hivyo, mara nyingi anayejibu amefungua tu skrini akasoma salio.

## Hatua ya 5: Bishana kwa hesabu

Jibu kwenye uzi uleule wa barua pepe. Andika kwamba 238,000 ni marejesho 14 ya 17,000 na kwamba ndani yake kuna riba ya miezi ambayo haijafika. Weka hesabu yako. Taja kifungu. Omba wakuonyeshe ni kifungu gani kinawaruhusu kuchukua riba ya muda ambao pesa yao haitakuwa kwako.

Kwa simu afisa alimwambia shemeji, "Bosi wangu, sistimu haipunguzi." Sistimu huwa haipunguzi yenyewe, ni mtu wa juu ndo anaidhinisha punguzo halafu linaingizwa. Uliza jina la idara inayoidhinisha, utume hapo. Baada ya siku sita wakaleta hesabu mpya: 200,200 pamoja na ada ya 3%, ambayo ni 6,006. Jumla 206,206.

Wakigoma kabisa, peleka malalamiko rasmi kwao kwanza, kwa maandishi, ndo uende juu. Benki, benki za mikrofainansi na wakopeshaji wa kidijitali waliosajiliwa wako chini ya Benki Kuu. Sacco zenye leseni ni SASRA. Kama tayari ulishalipa na unadai urudishiwe, kuna Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani, inasikiliza madai mpaka milioni moja na unaweza kwenda bila wakili. Lakini mkataba ukisema wazi hakuna punguzo, na uliusaini, nitakuwa nakudanganya nikikuahidi ushindi. Hapo unaomba, hudai.

## Hatua ya 6: Amua kama inafaa

Toa jumla ya kuklia kwenye marejesho yaliyobaki. Kwa shemeji: 238,000 toa 206,206 ni 31,794. Wakitoza ushuru juu ya ile ada inapungua kidogo, bado inafaa.

Sasa angalia kama angengoja mpaka ibaki miezi 3. Marejesho ni 51,000. Punguzo kwa 78 ni 108,000 × 12 / 600, yaani 2,160. Anabaki na 48,840, ada ya 3% ni 1,465. Anaokoa kama 695, na hapo nauli ya kwenda tauni kufuatilia karatasi haijatoka. Loni ya flati ikishapita theluthi mbili, mara nyingi ni heri umalize polepole na pesa yako ifanye kazi kwenye stoku.

Na kama unakopa sacco ndo uklie hii, linganisha ile 2.62 na ya sacco, usilinganishe na ile 1.5.

## Hatua ya 7: Lipa vile inafaa

Usilipe nusu nusu. Hapa ndo nimeona machozi. Mtu anaweka 100,000 akidhani deni limepungua, sistimu inazihesabu kama marejesho ya miezi mitano na kitu ya mbele, riba inabaki vilevile. Kwenye flati, pesa ya ziada bila makubaliano haifanyi kitu. Kwenye salio linalopungua inasaidia, ila andika kwamba iende kwenye deni la msingi.

Lipa namba kamili, kabla haijaisha muda, kwa akaunti ya loni waliyokuandikia. Kwa M-PESA kikomo ni 250,000 kwa muamala mmoja na 500,000 kwa siku, kwa hivyo 206,206 inaingia mara moja. Usitume kwa namba ya simu ya afisa, hata akisema Paybill imekwama.

Halafu jibu ule uzi: "Nimelipa 206,206, namba ya muamala ni hii, fungeni loni." Simamisha na agizo la kukatwa benki. Kama ulikuwa unakatwa kwenye mshahara, peleka barua ya kuklia kwa watu wa mishahara mapema, la sivyo utakatwa tena mwezi unaofuata na kurudishiwa ni safari nyingine.

## Hatua ya 8: Funga kabisa

Unahitaji barua ya kuklia yenye namba ya loni na salio sifuri. Ya "asante kwa malipo" haitoshi.

Kwa gari, jina la mkopeshaji huwa limeingizwa pamoja na lako kwenye logbuku. Yeye ndo anaanzisha kujitoa kwenye mfumo wa NTSA kupitia eCitizen, nawe unakubali kwenye akaunti yako. Dhamana pia huandikishwa chini ya Sheria ya Haki za Dhamana ya Mali Inayohamishika ya 2017, waambie waifute na huko, na uende usachi mwenyewe uone imetoka. Kama walifunga traka, uliza nani anaitoa na kwa gharama ya nani.

Mwisho, ngoja kama mwezi mmoja na nusu halafu uvute ripoti yako ya CRB. Kuna kampuni tatu, Metropol, TransUnion na Creditinfo, na una haki ya ripoti moja ya bure kwa mwaka. Ile loni isome imefungwa, salio 0. Shemeji alikuta yake inasoma salio la 31,794 na siku 30 za kuchelewa, yaani lile punguzo lenyewe lilikuwa halijaingizwa kwenye sistimu. Alituma barua ya kuklia kwa mkopeshaji na kwa hiyo kampuni ya CRB siku hiyohiyo, ikarekebishwa.